Tazama kilichonunuliwa miaka minne iliyopita

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Ihumwa, Dodoma, na nina akiba ya shilingi milioni mbili. Kila semina naambiwa mji unakua, simu zimeenea, fursa zimejaa. Nikitoka nje naona kila kitu kimeshaanzishwa: vifaa vya ujenzi, mawakala wa pesa, bodaboda, chipsi, vyumba vya kupanga. Nautumiaje huo ukuaji kupata biashara ambayo hapa hakuna aliyeianza?*

Ndugu yangu, salama kabisa. Ulichokiona ukitoka nje ni kweli. Orodha yako ina vitu ambavyo mji unaokua unavinunua leo. Mtu akisikia mji unakua, anawaza saruji, nondo, vyumba na usafiri, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana barabarani. Wewe unaviona, jirani yako anaviona, na aliyetoka Dar es Salaam na mtaji wa milioni hamsini anaviona pia. Kwa milioni mbili hapo utakuwa wa mwisho kwenye foleni.

Nikueleze kwanza kosa nililolifanya mwenyewe, maana limenifundisha kuliko semina yoyote. Miaka ya nyuma nilikuwa kijijini mkoani Morogoro. Simu zilikuwa zimeingia kwa kasi, umeme haujafika. Nikanunua jenereta ndogo, nikatengeneza ubao wenye soketi ishirini, nikaanza kuchaji simu kwa shilingi 300. Biashara ilikwenda vizuri sana. Watu walikuwa wanapanga simu zao mezani asubuhi, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina, wanakwenda shamba, wanarudi jioni kuchukua. Mwaka wa pili nikakopa, nikanunua jenereta kubwa zaidi. Miezi michache baadaye nguzo za umeme zikaanza kusimikwa kando ya barabara. Umeme ulipowaka, ndani ya mwezi mmoja meza yangu ilibaki tupu, na mkopo bado ninao.

Sikukosea kuona simu zinaongezeka. Nilichokosea ni kutoelewa nilikuwa nauza nini. Vitu viwili vilikuwa vinakua kwa mwendo tofauti, simu mbele, umeme nyuma, na biashara yangu ilikuwa imekaa katikati yake. Umeme ulipoifikia simu, nafasi ile ikafungwa. Pengo la namna hiyo lina umri, na mwenye nalo anatakiwa avune mapema, asikope kwa ajili yake.

Liko pengo la aina ya pili ambalo haliendi hivyo, na ndilo ninalokuomba ulitafute. Mji ukikua, watu wananunua vitu vya aina moja kwa wingi ndani ya miaka michache. Vitu hivyo vikiwa vipya havimsumbui mtu. Baada ya miaka mitatu, minne, mitano, vinaanza kuziba, kujaa, kuchoka, kuvuja, na vyote vinafanya hivyo kwa wakati unaokaribiana kwa sababu vilinunuliwa kwa wakati unaokaribiana. Siku hiyo ikifika, waliouza wameshahamia mtaa mwingine wenye nyumba mpya. Hapo hakuna mtu, na kila mwaka pengo linazidi kupanuka badala ya kufungwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza Ihumwa ni hili: watu hapa walinunua nini kwa wingi miaka minne au mitano iliyopita, na leo kiko katika hali gani?

Dodoma ni mahali pazuri mno pa kuuliza swali hilo, kwa kuwa ukuaji wake una chanzo kinachojulikana na una tarehe. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba serikali inahamia huko. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba, jirani na wewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama 411,000 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu kama 765,000. Ukigawa ongezeko hilo kwa watu 4.3, ambao ndio wastani wa kaya nchini katika sensa hiyo ya 2022, unapata zaidi ya kaya 80,000 ambazo miaka kumi kabla hazikuwepo. Nyingi zimeingia kwenye nyumba mpya, na nyingi ni za watu wa ofisini wanaotoka asubuhi na kurudi jioni.

Sasa simama juu ya kilima chochote upande wako uangalie mapaa. Kitu gani kiko karibu kila nyumba? Simtanki. Dodoma ni nchi kame, maji ya bomba huja kwa mgao, na wengine wananunua ya boza au wana visima. Mtu akijenga, anaweka mnara wa chuma au zege, juu yake tanki la lita 1,000 au 2,000 au zaidi. Matanki hayo yaliwekwa kwa maelfu ndani ya miaka michache. Yakiwa mapya yalikuwa safi. Leo ndani yana nini?

Nilipanda mnara mmoja huko kwenu, nyumba ya jamaa yangu aliyehamia kikazi. Tanki la lita 2,000, halijafunguliwa tangu lifungwe. Nikaingiza mti mrefu mpaka chini, ukatoka na tope la rangi ya ugoro lenye kina cha vidole vitatu. Ukutani, usawa wa maji yanapopanda na kushuka, kulikuwa na utelezi wa kijani, na pembeni ya mfuniko mende wawili wamekufa. Mwenye nyumba alishangaa, kwa kuwa maji ya bombani kwake yanatoka meupe. Sababu ni kwamba tundu la kutolea maji halikuwekwa sakafuni kabisa; liko juu kidogo, kwa hiyo tope linatulia chini yake. Linaendelea kukua kimyakimya mpaka siku tanki linakaribia kuisha, au boza linamwaga maji kwa nguvu na kulivuruga. Ndipo mtoto anafungua bomba na kupata maji ya kahawia.

Nitalitumia hili la kusafisha matanki kama mfano mpaka mwisho, ili uone kazi ya kulichambua wazo inavyokwenda. Huenda mwisho wake ukaamua usilifanye. Njia ya kufikia uamuzi ndiyo muhimu, na utaweza kuirudia kwa mashimo ya choo yanayojaa, kwa pampu za visima, kwa betri za sola.

Jambo la kwanza ni kuuliza kwa nini hakuna aliyeanza. Mtu asiye na uzoefu akiona nafasi tupu anafurahi. Mimi naogopa kwanza, maana mara nyingi nafasi iko tupu kwa sababu watu hawataki kulipia. Hapa kuna sababu moja ninayoiamini: matanki yalikuwa mapya, na kabla ya hapo yalikuwa machache na yametawanyika. Hali hiyo imebadilika. Lakini sababu hiyo naiamini mimi, nikiwa nimekaa. Mwenye kusema kweli ni mtu wa nyuma ya geti.

Kwa hiyo piga hodi kwenye nyumba thelathini. Kabla ya hapo pita kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kuingia ndani ya kuta za watu na kupanda juu ya nyumba zao. Ukifika getini usiulize, "Nikianzisha huduma ya kusafisha tanki utaitaka?" Watu wetu ni waungwana, watakwambia ndiyo ili uondoke umefurahi. Uliza yaliyokwisha kutokea: "Tanki hili lilisafishwa lini mara ya mwisho? Nani alilisafisha? Mlimpa nini?" Kisha nyamaza uandike.

Majibu yatakuja ya namna tatu. Wengi watasema halijawahi kusafishwa. Jibu hilo halina thamani kubwa peke yake, kwani asiyewahi kujisumbua pengine hasumbuki. Baadhi watasema kijana wa kazi aliingia ndani na ndoo na sabuni ya unga. Hao wameshatambua tatizo. Wachache watasema, "Fundi bomba alipokuja kurekebisha koki tulimwomba alisafishe, tukampa elfu kadhaa." Jibu hilo la tatu liandike kwa kalamu nyekundu. Mtu ameshatoa hela yake kwa huduma isiyokuwepo, kwa mtu ambaye hiyo si kazi yake.

Nakazia hapa kwa kuwa biashara kubwa za simu zilionekana kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya huduma za kutuma pesa kuwepo, Uganda watu walishaanza kutumiana vocha. Mtu yuko Kampala, ananunua vocha, hajiwekei; anampigia mwenye kibanda cha simu kijijini, anamsomea zile namba, mwenye kibanda anakata chake na kumpa mama mzazi pesa taslimu. Hakuna kampuni iliyowafundisha. Kenya nako, M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio wakaonekana wanatumiana pesa wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikauzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Hao watu walikuwa wameshaunda njia yao ya mkato, yenye usumbufu na hatari, kabla biashara haijazaliwa. Fundi bomba anayeombwa kusafisha tanki ni njia ya mkato ya namna hiyo. Ukipata nyumba nne au tano kati ya thelathini zilizowahi kulipa mtu yeyote, una la kufuatilia. Ukikosa hata moja, funga daftari bila kinyongo, tafuta kitu kingine kilichonunuliwa kwa wingi.

Utakapokuwa unapiga hodi utagundua jambo lingine ambalo hakuna takwimu itakayokwambia. Nyumba nyingi mchana kuna dada wa kazi peke yake, na amekatazwa kufungulia wageni. Nyingine ni za kupanga: mpangaji anasema tanki ni la mwenye nyumba, mwenye nyumba yuko Dar es Salaam na anasema maji ni ya mpangaji. Hilo la pili limeua biashara nyingi za matengenezo. Mimi ningewaacha wapangaji mwanzoni, nikaanza na wenye nyumba wanaoishi humo, hata kama ni wachache. Hilo la kwanza linatatuliwa na simu. Bosi yuko ofisini Mtumba. Dada anampigia, unaongea naye, unamtumia picha ya ndani ya tanki kwa wasapu kabla na baada ya kazi, analipa kwa simu palepale. Unaona sasa jinsi kuenea kwa simu kunavyoingia. Hukuanzisha biashara ya simu, ila bila simu mikononi mwa kila mtu kazi hii ingewezekana Jumamosi na Jumapili tu.

Kazi yenyewe lazima uijue kwa mikono yako kabla hujaiuza. Funga koki inayopeleka maji nyumbani, la sivyo tope litaingia kwenye mabomba na utalipishwa. Toa maji mpaka yabaki ya kufunika tope. Sugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu, ukiwa nje ya tanki, bila sabuni. Kisha vuta tope na maji machafu kwa pampu ndogo ya kuzamisha au kwa ndoo na dekio, suuza mara mbili. Usiingie ndani, na usimtume kijana wako ndani: mle hakuna hewa ya kutosha, na ukiongeza mvuke wa dawa mtu anaweza kuzimia. Matanki makubwa yanayolazimu kuingia yakatae kwa sasa.

Baada ya kusafisha unaua vijidudu kwa klorini. Utaratibu unaotumika sana ni gramu 80 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70 kwa kila lita 1,000, tanki lijazwe, likae saa 24, kisha maji yale yamwagwe. Sasa mwambie mtu wa Ihumwa amwage lita 2,000 za maji aliyoyasubiri siku tatu. Hatakubali, na mimi nisingekubali. Kwa hiyo utatumia njia nyingine: dawa kali zaidi inapakwa kwenye kuta na sakafu ya tanki, inaachwa nusu saa, inasuuzwa. Kwa ndoo ya lita 20 unahitaji kama gramu 6 za unga ule ule, zipimwe kwa mizani ndogo, zisikadiriwe kwa kijiko. Vaa glovu na miwani. Na Dodoma maji yana chumvi, utakuta gamba jeupe ukutani, utashawishika kulitoa kwa asidi ya chooni. Usithubutu. Asidi ikikutana na klorini inatoa gesi ya sumu.

Hapo pia ndipo utagundua utaalamu wako halisi uko wapi. Brashi na pampu kila mtu anaweza kununua. Tatizo gumu ni kufika siku ambayo tanki linakaribia kuwa tupu na maji mapya yanakuja kesho yake. Ukifika siku moja baada ya mgao, mteja ana tanki limejaa na hakuruhusu kulimwaga. Ukifika siku moja kabla, kumebaki lita mia mbili ambazo unazihamishia kwenye madumu yake, unafanya kazi, usiku maji yanaingia kwenye tanki safi. Hivyo biashara hii, ukiitazama vizuri, ni daftari la mgao: mtaa gani unapata maji siku gani, nyumba gani ilisafishwa lini, ujumbe wa kukumbusha uende lini. Fundi bomba atakuiga baada ya miezi mitatu, hilo uwe na hakika nalo. Daftari hilo hana.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiko mawazo mazuri yanakofia. Namba hizi ni za kupigia mfano, wewe weka za kwako. Tuseme unatoza 25,000 kwa tanki. Msaidizi unamlipa 15,000 kwa siku. Dawa na vitu vidogo 2,000 kwa tanki. Ukiwa na wateja wawili kwa siku, mmoja Ihumwa mwingine Nkuhungu, bajaji ya kubeba vifaa inakula 20,000. Umeingiza 50,000, umetumia 39,000, umebaki na 11,000 kwa kazi ya kutwa nzima juani. Hiyo siyo biashara. Chukua sasa wateja watano kwenye mtaa mmoja siku hiyo hiyo. Bajaji ni kwenda na kurudi, 10,000. Msaidizi 15,000, dawa 10,000. Umeingiza 125,000, umetumia 35,000, umebaki na 90,000. Bei haikubadilika hata shilingi. Kilichobadilika ni umbali kati ya geti na geti.

Hiki ndicho ukuaji wa mji unakupa kweli: wateja wamesogeana. Miaka kumi iliyopita nyumba tano zenye matanki zingekuwa zimetawanyika kata nzima, na hesabu ya kwanza ndiyo ingekuwa hesabu pekee. Ndiyo maana hakuna aliyeianza, na ndiyo maana leo inaweza kuanza. Biashara nyingi zisizokuwepo katika miji yetu ziko hivi. Hazikosi wahitaji, zinakosa wahitaji waliokaribiana. Ukipata wazo lolote, kabla ya kuuliza wako wangapi Dodoma nzima, uliza wako wangapi ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Hesabu inaendelea, na hapa itakupunguzia furaha kidogo. Tanki lisafishwe mara mbili kwa mwaka. Ukitaka kufanya kazi siku nane tu kwa mwezi, matanki matano kila siku, unahitaji matanki 40 kwa mwezi, yaani wateja 240 wa kudumu wanaozunguka kila miezi sita. Ikiwa katika kila nyumba kumi moja itakubali, lazima uwe na nyumba 2,400 zenye matanki katika eneo unaloweza kulihudumia. Je, ziko? Sijui mimi, na usikadirie wewe. Zihesabu. Matanki yanaonekana kwa macho kutoka barabarani, ni faida uliyonayo kuliko biashara nyingi. Gawa kata yako kwa mitaa, tembea asubuhi tatu au nne na daftari, weka kistari kwa kila tanki. Ukikuta 600, kazi hii ni nyongeza kwa mtu mwenye kazi nyingine, haitakulisha. Ukiunganisha na Nzuguni na Mtumba hesabu itabadilika, lakini hapo bajaji inarudi kukula, kwa hiyo utapanga mtaa mmoja kwa siku moja na usivunje ratiba hata mteja akibembeleza.

Akiba yako usiiguse hata kidogo mpaka ufanye matanki matano ya kwanza kwa vifaa vya kuazima. Brashi, ndoo, madumu, glovu, miwani, mizani, ngazi ya jirani. Na hao watano walipe bei kamili, kabla ya kazi au mara tu baada yake, wasiwe ndugu zako. Namna ya kumshawishi mtu ni moja, nimeiona ikifanya kazi mara nyingi: chukua chupa ya kioo nyeupe, zamisha mpaka chini ya tanki lake, mletee mkononi. Usiongeze neno. Ukishindwa kupata watano baada ya kuonyesha chupa kwenye nyumba thelathini, jibu umeshalipata na hujapoteza hata laki moja. Ukiwapata, nunua pampu ndogo, glovu, miwani, mizani, brashi mbili nzuri. Hapo utakuwa bado uko mbali sana na milioni mbili. Kachukue namba ya mlipa kodi na leseni ya biashara ya halmashauri ya jiji kabla hujaanza kusambaza namba yako, kwa sababu mtu wa ofisini atakuuliza risiti.

Kuna dalili tatu za kukuonya. Ya kwanza ni wateja wanaokubali mara moja, na miezi sita ikifika hawajibu ujumbe. Wengi wakiwa hivyo, una biashara ya mara moja tu, na mahesabu yangu yote ya juu yanavunjika katikati. Ndiyo sababu nakwambia usipanuke kabla mzunguko wa pili haujapita. Ya pili ni kujikuta unashusha bei kila wiki ili upate kazi. Maana yake unawafuata wasioona tatizo. Ya tatu inahusu somo langu la jenereta: je, kuna kitu kinakuja kulifunga pengo hili? Maji yakianza kutoka usiku na mchana, matanki yatapungua umuhimu. Mipango ya kuongeza maji Dodoma ipo, bwawa la Farkwa likiwemo, na inafaa uifuatilie kama mimi nilivyotakiwa kufuatilia nguzo za umeme. Maoni yangu ni kwamba aliyezoea kukosa maji hatang'oa tanki lake haraka, na tanki lisilotumika sana linachafuka zaidi. Hata hivyo usikope kwa kutegemea maoni yangu.

Kama kuhesabu kutaonyesha matanki hayatoshi, usiseme umepoteza wiki. Ukiwa unatembea na daftari, tengeneza safu ya pili pembeni: nyumba zilizo na shimo la choo ambalo gari la kunyonya haliwezi kulifikia kwa sababu kichochoro ni chembamba. Safu ya tatu: nyumba zenye pampu ya kisima. Kila moja ilinunuliwa au kuchimbwa wakati uleule wa wimbi la kuhamia, na kila moja ina umri wake wa kuchoka. Shimo la choo linahitaji vibali na mtaji zaidi, lakini mwenye shimo lililojaa hasubiri kushawishiwa kwa chupa.

Anza Jumamosi hii, kabla jua halijawa kali, kwa mtaa wako mwenyewe. Waliopo nyumbani Jumamosi asubuhi ni wenye nyumba. Ukimaliza hizo nyumba thelathini niandikie ni wangapi waliwahi kumlipa mtu, walimlipa kiasi gani, na ni matanki mangapi umeyahesabu, tuipige hesabu pamoja kwa namba zako halisi.